Pudini ya karameli yenye vitundu, inayotoa maji au ngumu kama mpira: kutafuta chanzo

Kata kipande cha pudini iliyoharibika, kilaze ubavu kwenye sahani nyeupe, ukitazame kabla hujakila. Vitundu vikiwa juu tu, shida ilianzia kwenye bakuli la kuchanganyia. Vikiwa pembeni na chini, shida ni moto. Ikiwa ngumu na inavutika, lakini haina tundu hata moja, rudi uhesabu mayai. Karibu kila kasoro ya pudini hii huacha alama pale ilipoanzia, kwa hiyo usianze kubadilisha vipimo kabla hujajua alama iko wapi.

Tunazungumzia pudini ya mayai, maziwa na sukari, yenye karameli chini, inayookwa ndani ya trei ya maji na kupinduliwa ikishapoa. Si kastadi ya unga wa kopo. Ile inashikwa na wanga wa mahindi, na lazima ichemke ndiyo iwe nzito. Hii ya mayai ikichemka imeharibika. Wengi wanaosumbuka nayo wamehamishia huku mazoea ya kule.

Vipimo vya kulinganishia

Ili tuelewane, chukua maziwa nusu lita, mayai makubwa 4, sukari gramu 100, vanila kijiko kimoja cha chai (au iliki iliyosagwa) na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Karameli ni sukari gramu 120 na maji vijiko 3 vya chakula. Hapo unapata vibakuli 6 vya mililita 125, au chombo kimoja cha lita moja ambacho hakitajaa mpaka juu.

Yai kubwa lililotolewa ganda lina gramu 50 hivi, kwa hiyo mayai 4 ni gramu 200. Ukitumia ya kienyeji, ambayo mengi ni madogo, usihesabu manne ukatosheka. Yavunje kwenye bakuli juu ya mizani mpaka ufike gramu 200, na mara nyingi utakuwa umevunja matano au sita. Kipimo kikipungua sana, pudini italegea na kupasuka unapoipindua.

Maziwa ya kununua yakiwa mabichi yachemshe kwanza, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu la moto, nyuzi 60 hivi, ndipo uyapime. Ukiyapima kabla ya kuchemsha unakuwa umepoteza maji yaliyokwenda na mvuke, na mchanganyiko unakuwa mzito wa mayai kuliko ulivyokusudia.

Kinachotokea ndani ya trei

Protini za yai zikipata joto hufunguka na kushikana, zikafanya kama wavu unaoyazuia maziwa ndani yake. Kwa vipimo hivi, wavu unakuwa umeshika vizuri katikati ya pudini ikifika nyuzi 78 hadi 80. Ukiendelea kupasha moto mpaka upite 85, nyuzi za wavu zinazidi kukaza na kukamua kile zilichokuwa zimebeba, kama chicha inavyokamuliwa tui kwenye kifumbu. Nafasi kati ya pudini laini na pudini iliyoharibika ni nyuzi tano au sita tu. Trei ya maji ipo kwa ajili ya kuilinda nafasi hiyo.

Hewa ya oveni iliyowashwa nyuzi 160 ina nyuzi 160 kweli, na bati la chombo kikavu lingeelekea huko huko. Maji hayawezi kupita 100. Tena trei ikiachwa wazi, mvuke unaopaa kutoka juu ya maji unaondoka na joto, na maji yenyewe hukaa kati ya nyuzi 80 na 87 hivi kwenye oveni ya kiasi. Hilo ndilo joto tunalolitaka.

Sasa hapa pana kosa ambalo hata wapishi wazuri hulifanya, kwa sababu linaonekana kama uangalifu: kufunika trei nzima kwa karatasi ya foili. Mvuke ukizuiwa, maji hayapoi, na baada ya muda yanachemka chini ya foili bila wewe kuona. Ukitaka kuukinga uso wa pudini usifanye ngozi, funika chombo chenyewe, kila kibakuli na kipande chake cha foili, na maji ya trei yabaki wazi.

Kitu cha pili ni kitako. Bati la trei linapokea moto kutoka chini moja kwa moja, na chombo kikikaa juu ya bati, chini yake panakuwa pa moto kuliko maji yanayokizunguka. Kunja kitambaa cha jikoni mara mbili, kitandike kwenye trei, panga vyombo juu yake, kisha mimina maji. Kwenye oveni nyingi za gesi, ambazo moto wake wote uko chini, kitambaa hiki kinasaidia kuliko badiliko lolote la kipimo.

Maji yawe ya moto, yaliyochemka kwenye birika na kutulia dakika tano hivi, na yafike usawa wa pudini iliyomo ndani, au angalau theluthi mbili ya kimo cha chombo. Yaongeze trei ikiwa tayari iko kwenye oveni, usitembee nayo imejaa.

Vitundu

Viko vya aina mbili, na watu huvichanganya.

Vya juu ni povu. Ni vya duara, vimekaa usoni kama alama za matone ya mvua kwenye mchanga, na ukikata chini yake pudini ni laini na imefungamana. Hivi vinatokana na kupiga mayai kama unaandaa keki. Pudini haihitaji hewa hata kidogo. Weka ncha ya mchapo igusane na kitako cha bakuli, na uusogeze huku na huku bila kuuinua, mpaka ute na kiini vichanganyike. Uma unafaa vilevile. Kisha ongeza maziwa ya vuguvugu kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu, ili mayai yasishtuke yakaiva vipande vipande.

Baada ya hapo chuja mchanganyiko kwenye kichujio chembamba. Vile vikamba vyeupe vya ute vinavyobaki kwenye kichujio haviyeyuki ukivikoroga vipi, na visipotolewa vitaonekana kama nyuzi ngumu ndani ya pudini. Acha mchanganyiko ukae dakika 15 hadi 20, povu lipande, ulipangue kwa kijiko. Yale mapovu ya mwisho yanayong'ang'ania pembeni ya chombo, gusa juu yake kwa ncha ya karatasi ya jikoni, yataondoka nayo. Mimina mchanganyiko karibu karibu na chombo, juu ya mgongo wa kijiko. Ukimwaga kutoka juu unalirudisha povu ulilotoka kulitoa.

Vya pembeni na chini ni vya kuchemka. Havina umbo la duara, vimerefuka, vimeungana kama sega la nyuki, na ukibonyeza kipande vinatoa maji. Maana yake kingo za pudini zilipata joto la kutosha kugeuza maji ya ndani kuwa mvuke, na mvuke ulitafuta njia ya kutokea ndani ya wavu uliokwisha kukaza. Hapa kuchuja hakusaidii kitu. Chunguza moto: je, maji ya trei yalikuwa yakitokota? Kama umesikia vibakuli vikigongana ndani ya oveni, jibu unalo. Maji yatulie kabisa, juu pawe na mvuke tu. Ukiona vijipovu vinaanza kupanda kwenye trei, ongeza nusu kikombe cha maji ya baridi pembeni na ushushe moto.

Vitundu vikiwa chini peke yake, kwenye mpaka wa karameli, sababu inaweza kuwa karameli yenyewe. Karameli ikitoka jikoni ina joto la zaidi ya nyuzi 160. Ukiimiminia mchanganyiko hapo hapo, tabaka la chini linachemka kabla hata ya kuingia kwenye oveni. Iache igande mpaka uguse chombo kwa mkono bila kushtuka. Ikitoa milio ya kupasuka wakati inapoa, usijali, hiyo ni kawaida yake.

Maji

Kwanza tofautisha maji na karameli. Pudini ikilala usiku kwenye friji, karameli inavuta unyevu na kuwa mchuzi wa kahawia, unaoteleza polepole na kunata. Huo unatakiwa uwepo. Maji ya kasoro ni mepesi, ya njano iliyofifia au meupe meupe, na yanazidi kuongezeka kwenye sahani kila baada ya dakika chache. Ukiona hayo pamoja na vitundu vya pembeni, sababu ni moja: joto lilipita.

Lakini kuna pudini isiyo na tundu hata moja, na bado inatoa maji. Hapo mara nyingi ni moja kati ya haya mawili.

La kwanza ni kupikwa na joto lililobaki. Pudini ilitolewa kwenye oveni wakati mzuri, ikaachwa ndani ya trei "ipoe pamoja na maji". Maji yale yana nyuzi 80 na kitu, na chombo cha kioo au udongo kinashikilia joto muda mrefu, kwa hiyo pudini inaendelea kuiva dakika nyingine 20 nje ya oveni. Itoe kwenye maji mara moja. Kwa chombo kizito cha udongo, itoe ikiwa bado nyuzi mbili tatu chini ya kipimo, itamalizia yenyewe.

La pili ni kuharakisha. Wavu wa protini ukiwa bado wa moto ni dhaifu, ukiukata unamwaga. Pudini ikae nje ya friji kama saa moja, bila kupita mbili hasa kwenye joto la pwani, kisha ikae kwenye friji saa 4 kwa uchache. Usiku mzima ni bora zaidi. Usiifunike ikiwa moto, kwa sababu mvuke utagandamana chini ya kifuniko na kudondokea juu ya pudini, nawe utadhani inatoa maji kumbe ni jasho la kifuniko. Wala usiipeleke kwenye friza ili ipoe upesi. Barafu inatoboa wavu, na ikiyeyuka maji yanaachana na pudini moja kwa moja.

Wapo wanaotia kijiko cha unga wa kastadi ili kuzuia maji. Ni kweli kwamba wanga unaufanya mchanganyiko uvumilie moto zaidi. Kwa maoni yetu haufai hapa: katika joto la nyuzi 80 wanga haujaiva vizuri, unaacha ladha ya unga mdomoni, na pudini inapoteza ule ulaini wa kuteleza. Ukiweza kudhibiti maji ya trei hauhitaji unga.

Mpira

Pudini ya mpira inarudi ukiibonyeza kwa kijiko, na ukiikata kingo zinabaki kali kama za jibini. Kama ina vitundu, soma sehemu ya juu, ni moto. Kama haina, ni mizani kati ya yai na maziwa. Ute mweupe ndio unaoleta ugumu. Kiini kinaleta uzito na ulaini kwa sababu ya mafuta yake. Mayai 6 makubwa kwa nusu lita yatatoa pudini inayosimama wima bila shaka yoyote, na itakuwa inatafunwa. Rudi kwenye manne. Ukitaka iwe laini zaidi na bado ipinduke, weka mayai 3 mazima na viini 2. Viini vitupu huganda laini sana, hivyo hufaa kuliwa kwenye kibakuli chake bila kupinduliwa.

Maziwa yaliyopunguzwa mafuta nayo yanatoa pudini ngumu na nyepesi ya ladha. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari yanageuza hesabu upande mwingine. Sukari nyingi inachelewesha yai kushika, kwa hiyo pudini ya maziwa ya kopo inahitaji muda mrefu kidogo na joto la ndani lililopanda kidogo. Ukiyatumia, usiongeze ile sukari gramu 100.

Kujua imeiva

Saa ya ukutani ni ya kukukumbusha tu. Vibakuli vidogo kwenye nyuzi 160 huchukua dakika 30 hadi 40, chombo kimoja cha lita dakika 50 hadi 65. Anza kukagua dakika kumi kabla. Vaa glovu, shika chombo, kitikise kidogo. Kingo zinatakiwa ziwe zimetulia, na katikati, eneo la upana wa sentimita tatu hivi, patikisike kwa pamoja kama maziwa ya mgando. Pakifanya mawimbi, bado ni maji. Pasipotikisika kabisa, umechelewa. Kisu kikichomekwa nusu ya njia kati ya ukingo na katikati kitoke kisafi. Usikichomeke katikati kabisa, maana kikitoka kisafi pale, pudini imekwisha pita. Mwenye kipimajoto cha jikoni asome 78 katikati na aitoe.

Mfano wa kasoro tatu kwa pamoja

Chukua pudini hii: chombo cha bati cha lita moja, mayai 5 makubwa, maziwa nusu lita ya baridi kutoka friji, oveni ya gesi nyuzi 180, trei imefunikwa yote kwa foili, maji ya bomba, dakika 80. Imetoka na sega la vitundu kuanzia chini hadi nusu ya ubavu, katikati ni ngumu, na baada ya saa moja sahani ina vijiko vitatu vya maji mepesi.

Mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni muuza mayai. Fuata mtiririko. Maziwa ya baridi na maji ya bomba vilichelewesha pudini kupata joto, kwa hiyo baada ya dakika 45 katikati palikuwa bado maji, na mpishi akaendelea. Wakati huo maji chini ya foili yalikuwa yameanza kuchemka, na bati jembamba lililokaa juu ya bati la trei lilipeleka moto wa chini moja kwa moja. Kingo zikapita 90 wakati katikati panasubiri 78. Yai la tano likaongeza ukakamavu, ila peke yake lisingetoa maji.

Kurekebisha, usibadilishe kila kitu siku moja. Mara ya kwanza badilisha mambo ya moto pekee: maziwa nyuzi 60, maji ya birika, kitambaa kwenye trei, foili juu ya chombo tu, oveni 160 na trei kwenye rafu ya kati. Mayai yabaki 5. Vitundu na maji vitapotea, na muda utashuka kuelekea saa moja. Kitakachobaki ni ukakamavu kidogo unapokata. Sasa punguza yai moja. Ukifanya kwa mpangilio huu utajua kila kasoro ilikuwa ya nani. Ukipunguza mayai kwanza huku maji yanachemka, utapata pudini yenye vitundu na iliyolegea pia.

Kama oveni yako haishuki chini ya 180, ambalo ni jambo la kawaida kwa oveni za gesi, weka trei tupu kwenye rafu ya chini ili ikinge moto, na trei ya pudini rafu mbili juu yake. Kipimajoto cha kutundika ndani ya oveni kitakuonyesha namba iliyoandikwa kwenye kitasa ina ukweli gani.

Isipoganda

Ikipita dakika 70 na katikati bado pana mawimbi, gusa maji ya trei kwa kipimajoto. Yakiwa chini ya nyuzi 75, oveni haina joto la kutosha au ulianza na maji ya baridi. Chota vikombe viwili, rudisha vya moto, endelea, pudini haijaharibika. Maji yakiwa ya moto sawasawa na pudini haishiki, fikiria ulichotia ndani. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokata protini, na hakuna muda wa oveni utakaoushika mchanganyiko huo. Lipike nanasi kwanza mpaka lichemke, au lipange juu ya pudini wakati wa kula. Tui zito la nazi linaganda, ila mafuta yake hupanda na kufanya tabaka juu, ambalo ukipindua chombo linakuwa chini. Ukitaka ladha ya nazi bila tabaka hilo, badilisha robo lita tu ya maziwa kwa tui jepesi na uchuje mara mbili.